Kutoa jedwali la bima ya gari katika picha ya simu

Ndugu mawakala, pamoja nanyi wenzangu wa dawati la madai,

Leo nina karatasi moja tu ya kuzungumzia. Ni karatasi ya maelezo, ile ya mbele katika mkataba wa bima kubwa ya gari binafsi, ambayo mteja wa hapa Dar es Salaam ameipiga picha kwa simu na kuituma akiuliza amekatiwa nini. Mfano huu nimeutunga, ila makosa yake ni ya kila siku. Karatasi ilikuwa imekunjwa, na mkunjo umepita juu ya thamani ya gari, hata tarakimu ya pili yaweza kusomeka 1 au 4. Je, gari limekatiwa bima ya shilingi 21,000,000 au 24,000,000?

Msiamue kwa macho, kwa kuwa hesabu ya ada iko chini ya karatasi hiyo hiyo. Kiwango kilichoandikwa ni asilimia 3.5, ada kabla ya kodi ni 840,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni 151,200, na jumla ni 991,200. Asilimia 3.5 ya 24,000,000 ni 840,000 kamili, ilhali ya 21,000,000 ingekuwa 735,000. Basi tarakimu ni 4. Ukomo wa kioo cha mbele hauna hesabu ya kuuthibitisha namna hiyo, kwa hiyo usiposomeka andikeni "haisomeki" na muombe picha nyingine.

Nitakaa zaidi kwenye mchango wa mkata bima, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, kwani hapa ndipo muhtasari mwingi huharibika. Wengi huandika "10%" wakaishia hapo. Asilimia kumi ya nini? Karatasi yetu inasema asilimia 10 ya dai, isiyopungua 500,000, kwa ajali; na asilimia 20 ya thamani iliyokatiwa bima, kwa wizi wa gari zima. Gari likigongwa na matengenezo yakagharimu 3,200,000, asilimia kumi ni 320,000, lakini kiwango cha chini kinashika, hivyo mteja anabeba 500,000 na kampuni inalipa 2,700,000. Matengenezo yakifika 8,000,000, anabeba 800,000. Gari likiibwa, anabeba 4,800,000. Mteja aliyesoma "10%" na "20%" pekee atadhani wizi unamgharimu mara mbili ya ajali, kumbe ni mara sita ya ajali hiyo kubwa. Kwa hiyo kila asilimia iandikwe pamoja na kitu inachokokotolewa na kiwango chake cha chini, hata kama kisanduku kitajaa.

Jedwali nililolionyesha ukutani ni hili:

| Hasara | Ukomo | Mchango wa mkata bima | Yasiyofidiwa |
|---|---|---|---|
| Ajali ya gari lenyewe | 24,000,000 | 10% ya dai, si chini ya 500,000 | Gari likibeba abiria kwa malipo |
| Wizi wa gari zima | 24,000,000 | 20% ya thamani iliyokatiwa bima | Tazama kijitabu cha masharti |
| Kioo cha mbele | 500,000 kwa kila tukio | Hakuna | Tazama kijitabu cha masharti |
| Mali ya mtu mwingine | 20,000,000 kwa kila tukio | Haukutajwa | Tazama kijitabu cha masharti |

Tazameni tofauti ya "hakuna" na "haukutajwa". La kwanza limeandikwa na kampuni. La pili ni taarifa yetu kwamba tumetafuta katika picha tusione. Kisanduku kitupu kingeyachanganya yote mawili.

Safu ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Orodha ya yasiyofidiwa kwa kawaida haimo katika karatasi ya maelezo. Imo katika kijitabu cha masharti, ambacho mteja hakukipiga picha. Msiijaze kwa mazoea yenu ya mikataba mingine, wala msiiache wazi mteja akadhani kila kitu kinalipwa. Hata hivyo, karatasi yenyewe huficha katazo moja au mawili chini ya maneno yasiyofanana na katazo. Hapa mstari wa "Matumizi" unasema: shughuli binafsi na za familia, isipokuwa kubeba abiria kwa malipo. Nimeupeleka kwenye safu ya yasiyofidiwa kwa sababu kazi yake ni hiyo. Sharti hilo linagusa mistari yote minne, nami nimeliandika mara moja kwa ufinyu wa nafasi tu. Kwenye nakala ya mteja lirudiwe katika kila mstari. Mteja huyu akianza kuchukua abiria wa kulipia jioni baada ya kazi, akagongwa akiwa nao, kampuni inaweza kukataa dai la 8,000,000 lote, na hesabu ya 800,000 tuliyoifanya haitakuwa na pa kutumika.