Mita 80 za korongo, mita ngapi za waya?

Mhadhara uliotolewa Dodoma kwa wanafunzi wa kidato cha sita na mafundi wa umeme

Wazee mliofika, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliwasaidia watu wa kijiji kimoja cha Kondoa kuvusha waya wa chuma wa kubebea bomba juu ya korongo. Nilipima kutoka nguzo hadi nguzo, nikapata mita 80. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya kufungia ncha mbili, tukakata. Siku ya kuvuta, waya ulifika ng'ambo umekaza kama uzi wa zeze, na kabla hatujamaliza kufunga, nguzo ya upande wa pili ikaanza kuinama. Nilikuwa nimepima hewa iliyo kati ya nguzo. Waya haupiti hapo, waya unashuka kwanza halafu unapanda.

Leo nataka tuupate urefu ule sawasawa. Nimekuja na mnyororo huu mwembamba. Nikiushika ncha mbili mbele ya ubao, angalieni umbo lake. Galilei aliona linafanana na parabola, na kwa macho hata mimi ningesema hivyo. Jibu kamili lilipatikana mwaka 1691, pale Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli walipolifikia kila mmoja kwa njia yake. Si parabola. Ni kosini haipaboliki, ile mnayoibonyeza kwenye kikokotoo kwa kutanguliza kitufe cha hyp.

Tujue kwanza linatoka wapi, maana anayekariri fomula tu ndiye anayekosea kwenye nguzo. Chukueni sehemu ya chini kabisa ya mnyororo. Hapo mnyororo umelala usawa, na unavutwa kwa nguvu ya kulala tu, tuiite H. Sasa pandeni kidogo kuelekea kulia, mpite urefu s wa mnyororo. Kipande hicho kina uzito wake, na uzito huo lazima ubebwe na anayeshika ncha yake ya juu, tumwite mtu wa juu. Kwa hiyo mtu wa juu anavuta mambo mawili: H kwa upande, na uzito wa kipande, yaani uzito wa kila mita, w, mara s, kwenda juu. Mteremko wa mnyororo mahali pale ni uwiano wa hayo mawili:

```
dy/dx = w·s / H = s / a,   ambapo a = H / w
```

Hiyo a ndiyo roho ya mhadhara huu, basi tuitazame vizuri. Ni H kugawanya kwa uzito wa kila mita, kwa hiyo ni urefu, inapimwa kwa mita. Maana yake ni hii: kama ungekata kipande cha waya uleule chenye urefu wa a na kukining'iniza wima, uzito wake ungekuwa sawa na nguvu inayovuta waya pale chini kabisa. Waya uliolegea una a ndogo, waya uliokazwa una a kubwa. Si kina cha kushuka, wala si kimo kutoka ardhini.

Ukiutatua mlinganyo huo, na ukiweka mhimili wa x umbali wa a chini ya sehemu ya chini ya waya, unapata y = a cosh(x/a). Hatua za kuutatua nawaachia walimu wenu. Ninachotaka tukifanye pamoja ni urefu.

Kata waya vipande vidogo sana. Kila kipande ni mshazari wa pembetatu mraba yenye upana dx na kimo dy, kwa hiyo Pythagoras anatuambia urefu wake ni dx mara kipeuo cha pili cha 1 + (dy/dx)². Mteremko wa a cosh(x/a) ni sinh(x/a), kwa sababu ile a ya nje inafutana na 1/a inayotoka ndani. Sasa linakuja jambo ninalolipenda: katika familia hii, 1 + sinh² ni cosh² kamili. Kipeuo kinaondoka chenyewe. Kwa mikunjo mingi, hata parabola ya kawaida, kipeuo hicho kinang'ang'ania na intigrali inakuwa kazi nzito. Hapa inabaki hivi:

```
s = ∫ cosh(x/a) dx  kutoka 0 hadi x  =  a sinh(x/a)
```

Linganisheni na tulikoanzia. Tulisema mteremko ni s/a. Mteremko ni sinh(x/a). Basi s ni a sinh(x/a). Tumerudi nyumbani kwa njia nyingine, na hiyo ni dalili kwamba hatukupotea. Nguzo zikiwa na kimo sawa na umbali L kati yake, urefu wote ni 2a sinh(L/2a).

Tahadhari moja hapa. Kipeuo kinaondoka kwa sababu tu a ya nje na a ya ndani ni moja. Mkipewa swali lenye namba mbili tofauti, mfano 30 cosh(x/50), mteremko wake ni 0.6 sinh(x/50), na 1 + 0.36 sinh² haina kipeuo safi. Hapo msilazimishe fomula yetu. Huo si mkunjo wa waya wenye uzito sawa kila mita. Lakini mkiongezewa namba pembeni, kama 50 cosh(x/50) − 42, msihangaike. Waya umeshushwa tu mzimamzima, na urefu haubadiliki.

Turudi korongoni. L ni mita 80, na tuseme tunataka waya ushuke mita 8 katikati. Nusu ya umbali ni 40, kwa hiyo:

```
a (cosh(40/a) − 1) = 8
```

Hakuna namna ya kuitoa a peke yake upande mmoja. Tunakisia. Kisio zuri linatoka kwa parabola: nusu umbali, kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya mshuko. Yaani 1600 kwa 16, ambayo ni 100. Jaribuni: cosh ya 0.4 ni 1.08107, kwa hiyo mshuko ni mita 8.107. Umezidi kidogo, basi waya ukazwe kidogo, a iongezeke. Ukijaribu 101.3 unapata 8.00. Inatosha. Sasa urefu: 40 kwa 101.3 ni 0.39487, sinh yake ni 0.40521, mara 202.6, ni mita 82.10.

Kabla hujamtuma mtu dukani, pima jibu lako. Waya hauwezi kuwa mfupi kuliko mistari miwili iliyonyooka kutoka kwenye ncha hadi chini katikati. Kila mmoja ni kipeuo cha 1600 + 64, na yote miwili inafika mita 81.58. Jibu letu limezidi kidogo, ni sawa. Aliyesahau kitufe cha hyp, kikokotoo chake kikiwa kwenye radiani, atapata mita 77.94, waya usiofika hata ng'ambo. Na aliyeweka 8 mahali pa a kwa kudhani a ni mshuko, atapata 16 mara sinh 5, yaani mita 1187. Nimeona mwanafunzi akiandika jibu la namna hiyo na kulipigia mstari chini mara mbili.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi, kwa fundi asiyetaka kukisia. Kwa kuwa cosh² ni 1 + sinh², y² ni sawa na s² + a². Pale juu kwenye nguzo, y ni a + d, d ikiwa mshuko. Ukipanua, a² zinafutana, na kinachobaki ni:

```
a = (s² − d²) / (2d)
```

Hapa s ni nusu ya urefu wa waya. Weka 41.05 na 8, unapata 101.3 tena. Kwa hiyo ukiwa na waya unaojua urefu wake na ukaupima mshuko, unajua a, na ukizidisha kwa uzito wa mita moja unajua nguvu inayovuta nguzo kwa upande.

Sasa ninaweza kueleza kwa nini nguzo yangu iliinama. Tuseme waya una nusu kilo kwa kila mita. Ukishuka mita 8, nguzo inavutwa kwa uzito wa kama kilo 51. Ukishuka nusu mita tu, a inakuwa karibu 1600, na mvuto unafika uzito wa kilo 800. Tofauti ya urefu wa waya ni mita mbili tu: wa kwanza ni 82.10, wa pili unazidi 80 kwa milimita 8.

Mafundi, hapo ndipo pagumu penu. Mshuko ukiwa mdogo, ziada ya waya ni takriban 8d²/(3L). Waya ulioshuka mita 1 kwenye mita 80 una ziada ya sentimita 3.3 tu. Sasa aluminiamu inarefuka takriban sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii. Umefunga alfajiri ya Julai, halafu likaja jua la mchana la Dodoma, na waya ukapata joto digrii 20 zaidi. Unarefuka sentimita 3.7. Ziada inakuwa sentimita 7, na mshuko unaruka kutoka mita 1 hadi kama mita 1.45. Kwa kweli utashuka pungufu kidogo ya hapo, maana ukilegea, mvuto unapungua na waya unajirudi. Hesabu yetu inauchukulia waya kama kitu kisichovutika.

Kijana wa nyuma aliuliza kuhusu daraja la kamba lenye sakafu. Hapo mzigo mkubwa ni sakafu, nao umegawanyika sawa kwa kila mita ya ulalo, si kwa kila mita ya kamba. Mteremko unakuwa kwa uwiano wa x badala ya s, na mkunjo unageuka parabola kweli. Bomba zito likining'inizwa kwenye waya mwepesi, lile la Kondoa, liko karibu zaidi na hali hiyo.

Na mama hapa mbele ameuliza: nguzo moja ikiwa juu ya kilima? Intigrali ni ileile, mipaka ndiyo inabadilika. Sehemu ya chini inasogea upande wa nguzo iliyo chini, x ya kushoto inakuwa namba hasi, na urefu ni a mara sinh(x₂/a) kutoa sinh(x₁/a). Mlima ukiwa mkali sana, sehemu ya chini ya mkunjo inaweza isiwepo kabisa kati ya nguzo, na x zote mbili zikawa chanya. Fomula haijali, mradi mmeweka sifuri ya x pale ambapo waya ungelala usawa kama ungeendelea.