Sifuri moja ya ziada na kwa nini SD haiioni

Haya tukae jamani tuanze, muda wenyewe mfupi. Wengi humu mnanijua na mnajua nitasema nini, kwamba mfumo wa kukamata miamala iliyojitenga ukiujenga juu ya wastani na standadi divieshen, yaani SD, kile kipimo cha namba zinavyotawanyika, basi umemweka mwizi alinde geti. Nimelisema hili kwenye vikao vingi na bado kila nikifungua skripti ya sakosi nakuta kitu kilekile, wastani jumlisha SD mara tatu, kilichozidi hapo kipigwe bendera nyekundu. Leo nataka tuipige hesabu yenyewe hapa, namba kwa namba, maana nikieleza kwa maneno watu wanaitikia kwa kichwa halafu wanarudi ofisini kufanya yaleyale.

Kuna mama mmoja anauza samaki Feri, ana akaunti kwenye sakosi niliyokuwa nawasaidia mambo ya data, simtaji jina. Kila jioni anakuja kuweka alichopata. Siku hiyo kaleta 50,000, na tela wa kaunta kachoka, foleni imefika mlangoni, akaandika 500,000. Sifuri moja tu. Risiti ikatoka, mama hakuisoma, akaiweka kwenye pochi akaondoka zake. Saa kumi na moja wanafunga hesabu, droo ina upungufu wa 450,000. Sasa nani anajua upo wapi? Wanaangalia ripoti ya bendera, ripoti tupu, haina hata mstari mmoja. Tukakaa na vile vikaratasi vya kuwekea pesa tunavitiki kimoja kimoja na kalkuleta mpaka saa mbili usiku, na yule binti wa kaunta analia kwa sababu anajua ikifika kesho haijapatikana anakatwa mshahara. Mfumo wenye kazi ya kusema "angalia hapa" ulikaa kimya kabisa. Na haukuwa na hitilafu yoyote! Ulifanya ulichoambiwa.

Angalieni namba zinavyofanana na za kwake, nimezizungusha kidogo, ni maelfu ya shilingi. Miamala kumi ya mwisho: 38, 40, 42, 45, 47, 50, 52, 55, 60, na ya kumi ndiyo hiyo 500. Mtoto wa darasa la tatu ukimpa hizi atakuonyesha ipi haipo sawa. Sasa chukua wastani, unapata 92.9. Simameni hapo kwanza, wastani unasema huyu mama kwa kawaida anaweka karibu elfu 93, wakati maisha yake yote hajawahi kuvuka 60. Tayari 500 imeshauvuta wastani kwake. Halafu SD, inatoka 143.2. Hapa ndipo panapoumiza, kwa sababu SD inachukua umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani na kuuzidisha kwa wenyewe kabla ya kujumlisha, kwa hiyo namba iliyo mbali sana inahesabika mara nyingi mno kuliko wenzake. Karibu SD yote mnayoiona hapo imetengenezwa na ule muamala mmoja mbovu. Sasa toa 92.9 kwenye 500, gawa kwa 143.2, unapata alama ya 2.84. Haijafika tatu. Hakuna bendera.

Najua kuna mtu anasema moyoni, ah, 500 ni ndogo, ingekuwa kubwa zaidi ingekamatwa. Hapana. Weka milioni 5, weka milioni 500, weka bei ya ghorofa la Kariakoo, kwa namba kumi alama haiwezi kuvuka 2.85, kamwe. Kuna ukomo wa kihesabu pale, ni idadi toa moja, gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa kumi ni 9 gawa kwa 3.16. Namba mbovu ikikua na SD inakua nayo, zinakimbizana, haziachani. Kwa hiyo mtu mwenye kanuni ya SD tatu juu ya miamala kumi ya mteja, ripoti yake itakuwa tupu milele, halafu ataenda kwenye kikao cha bodi kusema hakuna miamala ya mashaka mwezi huu. Hili linanikera mpaka leo.

Sasa tufanye kwa njia nyingine. Zipange kwa ukubwa, chukua ya katikati. Ziko kumi kwa hiyo katikati ni kati ya 47 na 50, yaani 48.5. Hiyo ndiyo mediani, na imemwelezea yule mama vizuri kabisa. Halafu kwa kila namba tafuta umbali wake kutoka 48.5, usijali hasi wala chanya: 10.5, 8.5, 6.5, 3.5, 1.5, 1.5, 3.5, 6.5, 11.5, na ile mbovu 451.5. Zipange tena hizo, chukua ya katikati tena. Unapata 6.5. Basi, hiyo ndiyo MAD, umefanya katikati mara mbili. Ile 451.5 imekaa mwisho wa foleni na haijapewa nafasi ya kupiga kelele, ingekuwa 451 au milioni MAD ingebaki 6.5 ileile. Unazidisha kwa 1.4826, ambayo kazi yake ni kuifanya MAD isomeke kwa kipimo kimoja na SD pale ambapo data ina umbo la kengele, unapata 9.64. Sasa 451.5 gawa kwa 9.64, alama 46.8. Arobaini na sita! Na ile 60, ambayo ilikuwa siku nzuri ya biashara tu, inapata 1.2, haisumbuliwi. Kizingiti kinachotumika sana ni 3.5, wanatakwimu Iglewicz na Hoaglin walikipendekeza 1993, na MAD yenyewe sio ya jana, mwanahisabati Gauss aliigusa 1816 huko.

Kuna kaka aliniambia juzi, sisi hatuna shida hiyo, muamala mpya tunaupima kwa historia ya nyuma, wenyewe hatuuingizi kwenye hesabu. Sawa, na ukifanya hivyo na historia ni safi SD itakamata, sikatai. Lakini nani kakuambia historia ni safi? Chukua mama yuleyule. Tuseme ile 500 haikugunduliwa, au iligunduliwa ikarekebishwa kwa muamala mwingine wa kurudisha na ile ya kwanza ikaachwa kwenye jedwali, ndivyo mifumo mingi inavyofanya, haifuti. Sasa mpaka wako mpya ni 92.9 jumlisha mara tatu ya 143.2, karibu 522. Yaani kosa moja la zamani limefungua geti, kuanzia leo tela akiandika 450,000 badala ya 45,000 inapita, akiandika 520,000 inapita. Kwa mediani na MAD ukiwa na historia hiyohiyo chafu, mpaka ni 48.5 jumlisha 3.5 mara 9.64, karibu elfu 82. Historia imechafuka lakini geti halijasogea sana. Na litaendelea kushikilia mpaka karibu nusu ya namba zako ziwe mbovu, na zikifika nusu shida yako sio takwimu tena.

Mwingine atasema kwenye data yenye umbo zuri la kengele SD inakadiria vizuri zaidi. Kweli, hilo liko kwenye vitabu na sibishani nalo. Ila nileteeni data ya miamala yenye umbo la kengele. Miamala ina mkia mrefu upande wa juu, wengi wanaweka kidogo na wachache wanaweka nyingi, na hili linanipeleka kwenye jambo la pili ambalo nilitaka kulipa muda ila naona saa. Chukueni logi ya kiasi kwanza kabla ya MAD. Kwa logi ya msingi wa kumi, sifuri ya ziada siku zote ni umbali wa 1 kamili, awe anaweka elfu tano au milioni tano. Kwa mama yetu alama inashuka kutoka 46.8 mpaka karibu 11.7, bado iko juu sana ya 3.5, lakini mteja ambaye mauzo yake yanaruka mara mbili sikukuu hapigiwi kelele ovyo.

```python
import numpy as np
from scipy.stats import median_abs_deviation

x = np.log10(kiasi)
m = np.median(x)
s = median_abs_deviation(x, scale='normal')
s = max(s, 0.05)
alama = (x - m) / s
```

Huo mstari wenye `max` msiufute. Kuna wanachama wanaolipa 20,000 ileile kila mwezi, miezi kumi na mbili namba moja. MAD yao ni sifuri, kwa sababu zaidi ya nusu ya namba zinafanana. Siku akilipa 20,500 na faini ya kuchelewa, unagawa kwa sifuri na kompyuta inakuambia alama yake haina mwisho. Niliwahi kufungua ripoti asubuhi nikakuta wateja waaminifu kuliko wote ndio wamejaa juu ya orodha ya washukiwa, kosa langu mwenyewe, sikuweka sakafu. Kwa 0.05 na kizingiti cha 3.5, mwenye 20,000 anaweza kufika karibu 30,000 kabla ya kupigiwa bendera. Mkiona ni nyingi punguzeni, lakini isiwe sifuri.

Nakimbiza sasa. Msichanganye kuweka na kutoa kwenye kapu moja, mediani itaangukia katikati ya makundi mawili na haitamwakilisha mtu yeyote. Mteja mwenye miamala mitatu usimpime peke yake, mpime na kundi lake. Na anayeiba elfu mbili mbili kila siku hii haimkamati, kwa sababu kila muamala wake ni wa kawaida, huyo anatafutwa kwa idadi.

Dada pale nyuma aliuliza mwanzoni kwa nini yeye alitumia MAD na bado haikukamata. Niliangalia skripti yake wakati wa chai. Aliandika `.mad()` ya pandas ya zamani. Ile sio hii. Ile ilikuwa wastani wa umbali kutoka kwenye wastani, yaani namba mbovu inaivuta kama inavyovuta SD, jina tu ndilo limefanana, na kuanzia toleo la 2.0 wameiondoa kabisa. Kwa zile namba zetu kumi inatoa 81.4 badala ya 6.5. Na `median_abs_deviation` ya scipy usipoandika `scale='normal'` inakupa 6.5 ghafi bila ile 1.4826, wakati `mad()` ya R inazidisha yenyewe, kwa hiyo mkiwa ofisi moja huyu anatumia R na yule Python mtapata bendera tofauti kwa data moja na mtagombana bure. Wekeni zile namba kumi za mama wa Feri kama jaribio, skripti isipotoa karibu 46.85 bila logi, kuna mahali imekosewa.