Neno la 40

(Mhadhara kwa walimu wa Kiswahili na wanafunzi wa kidato cha nne, Mbeya)

Walimu wenzangu, shikamooni kwa wakubwa, na wageni wetu wa Iringa, kamwene. Vijana, nanyi hamjambo? Najua baridi ya leo inawataka mkae jikoni, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye ufupisho. Walionisikia mwaka jana watavumilia, maana nitasema yale yale. Makosa yakibadilika, nitabadilisha mhadhara.

Habari hii mmegawiwa, lakini naisoma kwa sauti:

“Wakulima wa viazi mviringo katika safu ya milima ya Uporoto wanapata mavuno mazuri karibu kila msimu. Kwa mfano, mzee mmoja wa Isyonje alivuna magunia 40 katika ekari moja. Hata hivyo, wakulima hao bado ni maskini. Sababu ya kwanza ni kwamba wafanyabiashara ambao wanakuja shambani wanajaza viazi kwa mtindo wa lumbesa, yaani gunia linaongezewa kilemba mpaka linapita kilo 100, lakini bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sababu ya pili ni kwamba wakulima hawana maghala ya kuhifadhia viazi, kwa hiyo wanalazimika kuuza mara tu wanapovuna, wakati ambapo bei iko chini kabisa. Tatu, barabara za kutoka mashambani, hasa wakati wa masika, zinajaa tope, zinajaa mashimo, zinateleza, na magari yanakwama. Wakulima wakijiunga katika ushirika, wanaweza kujenga ghala la pamoja na kudai mizani shambani.”

Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute huyo mzee. Ina maneno 120. Agizo: ifupishe kwa maneno yasiyozidi 40.

Niliwahi kumpa kijana mmoja habari hii. Ana hati nzuri sana. Alianza pale inapoanza, akanakili sentensi ya kwanza, akamleta mzee na magunia yake, akaandika kuwa wakulima ni maskini, huku akihesabu kwa kidole. Neno la 40 lilipofika, akaweka kituo. Ufupisho wake uliishia hivi: “Sababu ya kwanza ni kwamba.” Kituo! Hesabuni wenyewe hapo mlipo, mtaona hakukosea hata neno moja. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamwita. Nikamuuliza, mwanangu, ni kwamba nini? Akanijibu: “Mwalimu, maneno yaliisha.”

Hayakuisha, aliyatumia vibaya. Mzee wa Isyonje peke yake amekula maneno 12, naye ni mfano tu. Mfano hushikilia hoja kama mti wa kuegemezea maharage, na siku ya kuvuna hakuna anayepeleka mti sokoni. Kwa hiyo kabla ya kugusa maneno, chukua karatasi ya pembeni uandike hoja: mavuno ni mazuri lakini umaskini upo, lumbesa, ukosefu wa maghala, barabara mbovu, ushirika. Hoja tano tu. Kisha geuza habari kifudifudi, uandike ukiwa unatazama hoja zako. Ukiendelea kuitazama habari utainakili, hata uwe na akili namna gani.

Sasa nije kwenye jambo langu. Walimu wa jimboni kwetu wananijua kwa hili, na wengine wameshaanza kutabasamu. Kitenzi cha Kiswahili ni gunia lisilopasuka. Unakishindilia nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa na mnyambuliko, na mhesabu maneno anakiona ni kimoja. Tazameni “wafanyabiashara ambao wanakuja shambani”: maneno manne. Ondoa “ambao”, sema “wanaokuja”, tayari umeokoa moja. Jiulize tena ni nani hao wanaokuja shambani kuchukua viazi. Ni wanunuzi. Limebaki neno moja. “Wakati ambapo bei iko chini kabisa” ni maneno sita, nami nasema “bei ikiwa chini”, matatu.

Lakini tamu kuliko zote ni barabara. Zinajaa tope, zinajaa mashimo, zinateleza, na magari yanakwama. Maneno manane! Mwanafunzi atafuta mashimo abakize tope, mwingine atafuta tope abakize mashimo, wote wawili wamepoteza kitu. Mimi nauliza: tope, mashimo na utelezi vimeifanya nini barabara? Haipitiki. Basi: “barabara hazipitiki masika.” Kauli ya kutendeka imemeza manane yote kwa neno moja, na hakuna maana iliyomwagika. Tunafundisha kauli hii kwenye mnyambuliko, tunaiweka ubaoni na mishale yake, halafu siku ya ufupisho hakuna anayeikumbuka.

Kuna atakayesema, huo ni ujanja wa kukwepa kikomo. Ujanja ninaoujua mimi ni wa wale wanaoandika “kwasababu” na “hatahivyo” kama neno moja ili hesabu ipungue. “Kwa sababu” ni maneno mawili na yatahesabiwa mawili. Na vile vidogo, “wa”, “ya”, “na”, kila kimoja ni neno. Msahihishaji hatavisamehe kwa udogo wake.

Huu hapa wangu:

“Wakulima wa viazi Uporoto huvuna vizuri lakini ni maskini kwa sababu wanunuzi hujaza lumbesa kwa bei ya gunia moja, wakulima hawana maghala hivyo huuza bei ikiwa chini, na barabara hazipitiki masika. Wakiunda ushirika wanaweza kujenga ghala na kudai mizani.”

Maneno 39. Mara ya kwanza niliandika “gunia moja, hawana maghala”, nikajiona fundi. Nilipousoma kama mtu asiyeijua habari, nikakuta waliokosa maghala ni wanunuzi! Ndiyo maana “wakulima” limerudi, na sijutii kulilipia. Vilevile niliwahi kuweka “ushirika ungewawezesha”. Neno moja zuri, limeshindiliwa kweli kweli, lakini -nge- inasema jambo hilo halipo, wakati mwandishi kasema linawezekana. Kwa hiyo ushindilie kwa kipimo.

Naambiwa muda umekwisha. Kichwa cha ufupisho, maoni yako binafsi... haya nayapitia mbio: usiongeze “serikali iwasaidie”, mwandishi hakusema. Kichwa, fuata agizo. Na aliyeandika maneno 52 ameweka kilemba, naye ni mlumbesa tu.

Naona mwalimu wa kule nyuma ameinua mkono tangu zamani. Anasema nimeiacha hoja: wakulima huuza mara tu wanapovuna, na hiyo ndiyo sababu ya bei kuwa chini. Mimi nimesema bei tu.

Mwalimu, umenikamata. Bila hilo, msomaji hajui ghala linahusikaje. Nimebakiwa na nafasi ya neno moja, na “mara tu wanapovuna” ni matatu. Ngoja... “Hivyo huuza wavunapo, bei ikiwa chini.” Wavunapo! Hesabuni sasa.