Alama ya Kutoa Iliyokaa Mkiani

Ndugu zangu makarani na watunza hesabu wa vyama vya msingi vya Mtwara, karibuni. Asubuhi hii tunashughulika na jambo moja tu: faili lililotoka kwenye mfumo mwingine, ambamo hasi imeandikwa 120,000- au (45,000). Sisi tukiiona tunajua ni makato. Lakini Excel ikiipokea kama maandishi, haiihesabu kabisa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa korosho. Ana malipo mawili, 850,000 na 310,000. Amekatwa salfa 120,000-, na kuna marekebisho ya uzito (45,000). Haki yake ni 995,000. Ukiweka SUM kwenye safu hiyo unapata 1,160,000, na hakuna onyo lolote, kwa sababu SUM huruka maandishi kimyakimya. Hapo ndipo pa kuogopa, jamani: chama kinamlipa mtu 165,000 zisizo zake, kisha kinaanza kumdai.

Sasa wapo wanaoona alama inasumbua, wakaifuta kwa Find and Replace. Hilo ni baya zaidi, maana makato yanageuka malipo na jumla inakuwa 1,325,000. Shikeni kipimo hiki: jumla ikizidi kwa kiasi kilekile cha makato, hasi zimerukwa, ikizidi kwa mara mbili yake, alama zimefutwa.

Kuzitambua ni rahisi kama hakuna aliyepanga safu kwa mkono: maandishi hulalia kushoto, namba hulalia kulia. Kama safu imepangwa, linganisheni COUNT, inayohesabu namba tu, na COUNTA, inayohesabu kila seli yenye kitu. Hapa COUNT itatoa 2 na COUNTA itatoa 4.

Tiba naipenda iwe kwenye safu ya pembeni, ili data ya asili ibaki kama ilivyoletwa. Kama namba zinaanzia B2, andikeni:

```
=IF(RIGHT(TRIM(B2),1)="-",-LEFT(TRIM(B2),LEN(TRIM(B2))-1),VALUE(TRIM(B2)))
```

Fomula inatazama herufi ya mwisho. Ikiwa ni alama ya kutoa, inaiondoa na kuigeuza namba kuwa hasi. Isipokuwa hivyo, VALUE inafanya kazi, nayo husoma mabano kama hasi yenyewe.

Mkipata #VALUE!, msifadhaike. Mara nyingi ni nafasi isiyoonekana iliyotoka kwenye ukurasa wa mtandao, ambayo TRIM haiiondoi. Iondoeni kwanza kwenye safu nyingine, kisha fomula ile isome safu hiyo:

```
=SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),"")
```

Mwenye haraka atumie Text to Columns: hatua ya tatu, Advanced, ahakikishe Trailing minus for negative numbers ina tiki. Ila hiyo hubadilisha data palepale, kwa hiyo nakili faili kwanza.

Na si kila mabano ni ugonjwa. Mengine ni mwonekano tu wa seli. Bofya seli, tazama mstari wa fomula juu: ukikuta -45000, hiyo ni hasi tayari, iache.