Nyoka wa kijani kwenye picha: kwa nini najibu kwa asilimia

Ndugu zangu, tazameni picha hii. Nyoka wa kijani, mwembamba, amejinyoosha juu ya tawi la mwembe huku pwani. Kichwa kimefichwa na majani. Aliyeituma anataka neno moja: ana sumu au hana?

Sikumpa neno moja. Nilimwandikia: ukukwi asilimia 60, koboko wa kijani 30, ngole 10. Ni makadirio yangu, nikizingatia mahali na umbo. Ukukwi hana madhara. Koboko na ngole wanaua. Ningesema "ni ukukwi", ningepatia mara nyingi, lakini mtu yule angeacha watoto wacheze chini ya mwembe.

Sasa, nini kingebadilisha hesabu? Kwanza urefu. Akarudi kupima tawi baada ya nyoka kuondoka, tukakuta mwili ulifunika kama mita 1.8. Tawi linafaa kuwa kipimo kwa sababu nyoka alilala juu yake hasa. Mtu aliyesimama mbele ya mti angetudanganya. Chukueni picha 100 za namna ile. Katika ukukwi 60, wa urefu huo labda nimwache mmoja, tena kwa kuogopa kosa la kipimo. Katika koboko 30 watabaki kama 15, katika ngole 10 watabaki kama 3. Jumla 19, na koboko ni 15, yaani karibu asilimia 79. Ukukwi aliyeongoza sasa yuko mkiani.

Picha kumi zaidi za upande uleule zisingeongeza kitu. Rangi nayo siiamini sana, simu nyingi hukoleza kijani zenyewe.

Ninachokitaka ni kichwa kwa ubavu, kipigwe picha kwa kuvuta lenzi kutoka mbali, si kwa kusogea. Kati ya tundu la pua na jicho, ukukwi na ngole wana gamba dogo lisilogusa pua wala jicho. Koboko hana gamba hilo. Jicho kubwa sana kwenye kichwa kifupi, pamoja na magamba ya mgongoni yenye ukingo uliotokeza katikati, ningeelekea kwa ngole.

Hata hivyo sifiki 100 kwa alama moja. Mwaka 1957, huko Chicago, mtaalamu Karl Schmidt alikuwa na ngole mchanga mkononi, si picha. Alisita kumtaja kwa sababu gamba la kwenye tundu la haja halikugawanyika kama ilivyo kawaida ya ngole. Akang'atwa, na kesho yake akafariki.

Kwa picha yetu, kichwa hakikupatikana. Jibu likabaki 79, na ushauri ulikuwa uleule wa tangu mwanzo: msipite chini ya mti ule, mwiteni mkamata nyoka, na akimng'ata mtu, hospitali kwanza, picha baadaye.