Kabla ya Kisu: Mnyama wa Kuchinjwa katika Mafundisho ya Dini

Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, orodha ya vyakula halali na haramu mmeshaisoma, kwa hiyo sitairudia. Nataka tukae kwa mbuzi mmoja wa Idi Kubwa, kwa sababu kila mwaka huulizwa kama kuchinja ni ukatili, na kila mwaka mtu hujibu haraka kwamba si ukatili, kwani jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Jibu hilo halitoshi, na sheria ya Kiislamu yenyewe haikuridhika nalo.

Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus, Mtume anafundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, na kwamba anayechinja achinje vizuri, anoe kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Katika masimulizi mengine, mtu alimlaza kondoo kisha akaanza kunoa kisu huku mnyama anamtazama, Mtume akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili, na kwa nini hakunoa kabla ya kumlaza. Kosa la mtu yule halikuwa katika kukata, kwani kisu kilikuwa hakijagusa koo bado.

Sasa mchukueni mbuzi wetu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, awe ametimiza miaka miwili, na asiwe chongo wala kiguru, wala mgonjwa wa dhahiri, wala aliyekonda kupindukia. Mbuzi huyu ananunuliwa mnadani akiwa mzima, anafungwa miguu yote minne, anatupwa nyuma ya bodaboda kichwa kikining'inia, na anafika nyumbani mguu mmoja umevunjika. Mwenye mbuzi anasema si neno, kesho tunachinja. Ni neno kubwa! Akichinjwa ipasavyo nyama yake inalika, lakini kwa sunna ya udhia hafai tena, kwa kuwa amekuwa kiguru. Sharti ambalo watu hulidhani ni la kumpa Mungu mnyama mzuri linamlinda pia mnyama njiani, na mwenye haraka ndiye anayepata hasara.

Tuseme amefika salama. Adabu zilizoandikwa na wanazuoni zinataka anyweshwe maji, aongozwe taratibu bila kuburutwa, asichinjwe mbele ya mwenzake, alazwe ubavu wa kushoto akielekezwa kibla, na afungwe miguu mitatu, ule wa kulia wa nyuma ukiachwa huru ili apate kuutupa. Koromeo na umio lazima vikatwe kabisa, na ni sunna kuikata mishipa miwili ya pembeni. Baada ya hapo mchinjaji asubiri: asivunje shingo wala asianze kuchuna kabla roho haijatoka. Miguu huweza kurusharusha hata fahamu ikiwa imeshapotea, kwa hiyo tazameni pumzi na jicho. Mchinjaji akigusa mboni na kope ikapepesa, kisu cha kuchunia kikae mbali.

Najua mmoja wenu atauliza kwa nini mnyama asizimishwe kwa umeme kwanza. Swali ni halali, na wanazuoni wamehitilafiana, ingawa wote wanataka awe hai kisu kinapopita, la sivyo ni kibudu. Tusikwepe jambo moja: ng'ombe huchelewa kupoteza fahamu kuliko kondoo, kwa sababu mishipa inayopita ndani ya mifupa ya shingo haifikiwi na kisu na huendelea kupeleka damu kwenye ubongo. Anayemtetea mnyama kwa dhati hawezi kuusahau ukweli huo eti kwa kuwa unamsumbua.

Upande wa Biblia nitapita haraka, maana kengele i karibu. Walawi 22:28 inakataza kumchinja mnyama na mtoto wake siku moja, Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na Matendo 15:29 ilibakiza katazo la damu na la mnyama aliyenyongwa hata kwa Wakristo wasio Wayahudi, ambalo makanisa mengi leo hayalitilii mkazo, nami ningependa kusikia kwa nini. Wajaini wamekwenda mbali zaidi ya wote: hawachinji kabisa, na wengi wao hawali hata viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi huua viumbe vilivyomo udongoni.

Basi gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza litetee kwamba Kurani 22:37, inayosema nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu bali ucha Mungu ndio unaomfikia, inampa mtu ruhusa ya kutoa sadaka ya fedha badala ya kuchinja. Kundi la pili lipinge kwa hoja za fikihi, na nisisikie hoja ya kwamba nyama ni tamu.