Puli ya Kinu: Kuisubu Wenyewe au Kuinunua?

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie namna kiwanda kinavyoamua kama kijitengenezee sehemu fulani ya bidhaa yake au kiinunue kwa mwingine. Nitashika puli moja tu, ile ya chuma cha kusubu inayovutwa na mkanda kwenye kinu cha nyundo cha kusagia mahindi. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano.

Tuchukue karakana inayouza vinu 400 kwa mwaka na kusubu puli zake katika tanuru lake yenyewe. Daftari la mhasibu linaonyesha kwamba puli ghafi, kabla ya kukerezwa, inagharimu shilingi 40,000: chuma chakavu na makaa 14,000, ujira wa vibarua wanaolipwa kwa kipande 9,000, na 17,000 zilizobaki ni fungu la kodi ya jengo, mshahara wa msimamizi na matengenezo ya tanuru. Anakuja msubuji wa nje anayeiuza kwa 32,000. Mwenye karakana anazidisha 8,000 mara 400, anaona milioni 3.2 za bure, naye yuko tayari kutia saini.

Hapo ndipo ninapomshika mkono. Swali halisi si puli inagharimu kiasi gani daftarini, bali ni shilingi ngapi zitakazoacha kutoka mfukoni siku tanuru litakapozimwa. Mwenye jengo atadai kodi yake vilevile, na msimamizi atalipwa vilevile. Katika zile 17,000, ni 5,000 tu za matengenezo zitakazokoma. Kwa hiyo kujitengenezea kunamgharimu 28,000. Upande wa kununua, ongeza nauli 1,500 na 1,500 nyingine za ukaguzi na za puli zitakazokataliwa, ifike 35,000. Akinunua atapoteza 7,000 kwa kila puli, yaani milioni 2.8 kwa mwaka. Gharama ya kukereza sikuigusa, kwa sababu atailipa katika hali zote mbili.

Hata hivyo, hesabu hiyo inapinduka iwapo wateja wanasubiri vinu na nafasi ndiyo iliyokosekana. Kama pale palipo na tanuru panaweza kuunganishiwa vinu zaidi na kuleta ziada ya milioni 5, kununua kunashinda kwa milioni 2.2. Ndiyo maana karakana mbili zenye puli ileile zinaweza kuamua kinyume, na zote zikawa sahihi.

Bei haisemi lolote juu ya uwezo. Ubaya wa puli ya kusubu hujificha: matundu ya hewa huonekana pale mkerezaji anapokata mfereji wa mkanda, saa yake ikiwa imekwisha kuliwa, kwa hiyo mkataba useme ni nani atakayelipa saa hiyo. Usawa wa uzani nao hupimwa kirahisi. Ipenyezee puli shafti iliyonyooka, uilaze juu ya kingo mbili zilizosawazishwa, kisha uisukume kidogo mara kadhaa. Ikiwa upande uleule unarudi chini kila mara, upande huo ni mzito, na kinu kitatetemeka hadi beringi ziishe.

Udhibiti, kwa maoni yangu, umo katika kielelezo cha mbao kinachotengenezea umbo kwenye mchanga. Msubuji akikimiliki yeye, hutaweza kuhama anapopandisha bei, wala hutamzuia kumuuzia jirani yako puli hiyohiyo. Lipia kielelezo, kipige mhuri wako, na uandike kwamba utakichukua wakati wowote.

Hatari kubwa zaidi ni kukabidhi na ujuzi wenyewe. Boeing walipounda ndege ya 787, ambayo Air Tanzania na Kenya Airways wanairusha, waliwaachia wabia sehemu kubwa mno za kiunzi, hata mabawa yakajengwa Japani. Ndege ilionyeshwa hadharani Julai 2007 ikiwa na pungufu nyingi, ikaruka kwa mara ya kwanza Desemba 2009, na mteja wa kwanza akaipata Septemba 2011, zaidi ya miaka 3 baada ya ahadi. Katikati ya mkwamo huo, mwaka 2009, Boeing ilikinunua kiwanda cha mbia wake Vought huko Carolina Kusini, kilichokuwa kikitengeneza sehemu ya nyuma ya kiwiliwili. Kazi waliyoitoa nje waliirudisha kwa fedha nyingi.

Kwa karakana yetu, ikiwa wateja wanasubiri kweli, ningenunua puli ghafi, lakini lezi, mashine ya kukerezea, ingebaki ndani, na ningemwajiri kwa mwezi msubuji mmoja mzoefu awe mkaguzi. Mshahara wake utakula sehemu ya zile milioni 2.2. Nitaulipa, kwa kuwa asiyewahi kumimina chuma hawezi kumwambia msubuji wa nje kwamba mchanga wake ulikuwa na maji.